Kufungua poti na kutumia UPnP ili marafiki waingie kwenye seva yako ya Minecraft nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu mwenye kompyuta ya Windows nyumbani, ameshawasha seva ya Minecraft ya toleo la Java, na anataka marafiki walio nje ya nyumba waingie. Gemu nyingine hutumia namba tofauti za poti, lakini njia ni ileile. Ukiwa na haraka, soma swali la pili kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linaloamua kama una haja ya kusoma yanayofuata.

Kwa nini mdogo wangu aliye chumba cha pili anaingia, lakini rafiki yangu wa mtaa mwingine anashindwa?

Mdogo wako yuko nyuma ya ruta ileile. Kompyuta yake inaiona yako moja kwa moja kwa anwani ya ndani, tuseme `192.168.1.50`. Anwani hiyo haina maana yoyote nje ya nyumba yako: maelfu ya nyumba wanayo hiyohiyo. Ulimwengu wa nje unaiona nyumba nzima kama anwani moja ya IP, ile aliyopewa ruta.

Ukifungua tovuti, ruta inakumbuka kwamba ni kompyuta yako iliyoomba, na jibu likija inakuletea wewe. Lakini rafiki anapobisha hodi kutoka nje, hakuna aliyeomba kitu. Ruta haijui ombi hilo limpelekee nani, basi inalitupa. Ni kama mlinzi wa geti la ghorofa aliyeletewa mzigo usio na namba ya nyumba. Kufungua poti ni kumwachia maagizo: chochote kitakachokuja kwa namba `25565`, kipeleke `192.168.1.50`. UPnP ni njia ya programu kuyatoa maagizo hayo yenyewe bila wewe kuingia kwenye mipangilio ya ruta.

Nianzie wapi?

Anza kwa kulinganisha anwani mbili. Watu wengi hupoteza wikiendi nzima wakifuta na kuandika upya kanuni za ruta, kumbe njia ilikuwa imefungwa sehemu ambayo hawana funguo zake.

Ya kwanza ni anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`, ukiandika `ipconfig` kwenye dirisha la amri utaiona mbele ya `Default Gateway`), ingia kwa nenosiri, kisha tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Huko kuna mstari ulioandikwa `WAN IP` au `Internet IP`. Iandike pembeni.

Ya pili ni anwani ambayo tovuti zinaiona. Fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, ukiwa kwenye intaneti hiyohiyo. Zima VPN kwanza kama unayo, la sivyo utasoma anwani ya VPN. Tovuti ikikuonyesha anwani ndefu yenye nukta pacha na herufi, hiyo ni IPv6. Unayoitaka hapa ni ile ya namba nne zilizotenganishwa na nukta.

Zikifanana, kwa mfano zote mbili ni `203.0.113.45`, ruta yako inakabiliana na intaneti uso kwa uso. Kufungua poti kutafanya kazi, na UPnP pia. Zisipofanana, kuna ruta nyingine kati yako na dunia, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni ya nani.

Anwani ya nje ya ruta yangu inaanza na 100. Hiyo ni sawa?

Si habari njema. Anwani kuanzia `100.64.0.0` hadi `100.127.255.255` zilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Mpango huo huitwa CGNAT. Ruta yako imepewa anwani ya ndani ya mtandao wa kampuni, na ile ambayo tovuti zinaiona ni ya mashine ya kampuni inayohudumia pia majirani usiowajua. Baadhi ya kampuni hutumia anwani zinazoanza na `10` kwa kazi hiyohiyo.

Ukifungua poti kwenye ruta yako katika hali hii, kanuni itakubalika na itaonekana imewashwa, lakini hakuna kitakachoifikia. Ombi la rafiki linafia kwenye mashine ya kampuni.

Huku kwetu hali hii ni ya kawaida, hasa kwenye intaneti ya laini ya simu, iwe ni ruta ya 4G au simu inayogawa waifai. Sababu ni uhaba. Anwani za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, liliingia Januari 2020 katika awamu ambayo kampuni ikiomba haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye mamia ya maelfu ya wateja haina budi kuwabananisha. Cha kufanya ukiwa hapo kimeelezwa mbele, baada ya maswali ya kufungua poti.

Yangu inaanza na 192.168, na intaneti yangu ni ya faiba. Imekuwaje?

Yaelekea una ruta mbili ndani ya nyumba. Fundi alifunga kisanduku cha faiba ukutani, ambacho chenyewe ni ruta, kisha wewe ukanunua ruta nyingine yenye waifai nzuri zaidi ukaichomeka kwenye kile kisanduku. Sasa kila ombi lazima lipite milango miwili.

Tuchukue mfano wenye namba. Kisanduku cha faiba kina anwani ya nje `203.0.113.45` na anwani ya ndani `192.168.1.1`. Ruta yako ya pili imepewa na kisanduku anwani `192.168.1.4` upande wa nje, na kwa ndani inajiita `192.168.0.1`. Kompyuta yenye seva ni `192.168.0.20`. Ukifungua poti kwenye ruta ya pili tu, kisanduku bado hakijui chochote. UPnP nayo inaongea na ruta ya pili pekee; haiendi mbele zaidi.

Dawa rahisi ni kuigeuza ruta ya pili iwe kituo cha waifai tu. Ruta nyingi zina chaguo la `Access Point` au `AP Mode`. Baada ya hapo vifaa vyote vitapewa anwani na kisanduku cha faiba, na poti utaifungua mahali pamoja. Dawa ya pili ni kumwomba mtoa huduma aweke kisanduku chake kwenye `Bridge Mode`, ili anwani ya hadharani iifikie ruta yako. Ya tatu, ambayo mimi huiacha ya mwisho, ni kufungua mara mbili: kwenye kisanduku uelekeze `25565` kwenda `192.168.1.4`, kisha kwenye ruta ya pili uelekeze `25565` kwenda `192.168.0.20`. Inafanya kazi, ila siku ikiharibika utakuwa na sehemu mbili za kuchunguza.

Angalia lakini kwamba kisanduku chenyewe kinaweza kuwa nyuma ya CGNAT. Soma anwani yake ya nje pia kabla ya kuanza kazi.

Anwani zimefanana. Sasa nafunguaje poti kwa mkono?

Anza na seva yenyewe. Kwenye folda ya seva kuna faili liitwalo `server.properties`. Hakikisha mistari hii iko hivi:

```
server-ip=
server-port=25565
online-mode=true
white-list=true
```

Mstari wa kwanza uachwe mtupu. Kuna miongozo inayosema uandike pale anwani yako ya hadharani. Ukifanya hivyo seva itakataa kuwaka na utasoma `FAILED TO BIND TO PORT`, kwa sababu kompyuta yako haimiliki anwani hiyo. Ni ya ruta. Ujumbe huohuo hutokea pia kama kuna seva nyingine uliyoisahau inaendelea kufanya kazi kwa nyuma.

Halafu ifanye anwani ya ndani ya kompyuta isibadilike. Ruta hugawa anwani kwa muda, na kompyuta iliyokuwa `192.168.1.50` wiki hii inaweza kuwa `192.168.1.53` wiki ijayo, huku kanuni yako ikielekeza kwenye simu ya dada. Tafuta kwenye ruta ukurasa wa `DHCP`, na ndani yake `Address Reservation` au `Static Lease`, uchague kompyuta yako na kuifunga kwenye anwani moja. Naona ni bora kuliko kuandika anwani kwa mkono ndani ya Windows, kwani ukihamia na laptopu kwenye mtandao mwingine haitakusumbua.

Sasa kanuni yenyewe. Jina la ukurasa hutofautiana: `Port Forwarding`, `Virtual Server`, au `NAT`, mara nyingi chini ya `Advanced`. Jaza poti ya nje `25565`, poti ya ndani `25565`, anwani ya ndani `192.168.1.50`, na itifaki `TCP`. Hifadhi. Ruta nyingine zina kisanduku cha kuwasha kilicho mbali na kitufe cha kuhifadhi, na kanuni hubaki imelala mpaka ukiweke alama.

Usitumie chaguo la `DMZ` hata kama kuna mtu anakwambia ndiyo njia ya mkato. Linaelekeza poti zote kwenye kompyuta yako, pamoja na zile ambazo Windows yenyewe inazisikiliza.

Jambo la kuangalia: ukianzisha dunia ndani ya gemu na kubonyeza `Open to LAN` badala ya kutumia faili la seva, gemu kwa kawaida hujichagulia poti ya bahati nasibu na kuitangaza kwenye soga kwa maneno `Local game hosted on port`. Kanuni ya `25565` haitaisaidia. Kwa kucheza na watu wa nje mara kwa mara, tumia seva.

Nimefungua kwenye ruta na bado hawaingii. Je, ni faiwali ya Windows?

Mara nyingi ndiyo, na ina mtego wake. Siku ya kwanza ulipowasha seva, Windows ilileta dirisha kuuliza kama uiruhusu Java kupokea maombi ya mtandao. Kama ulibonyeza `Cancel`, Windows haikusahau. Iliandika kanuni ya kuizuia Java. Na kwenye faiwali hiyo, kanuni ya kuzuia hushinda kanuni ya kuruhusu. Kwa hiyo unaweza kuongeza ruhusa ngapi, haitafua dafu mpaka ufute ile ya kuzuia.

Fungua `wf.msc`, nenda `Inbound Rules`, tafuta mistari ya Java yenye alama nyekundu, uifute. Kisha fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi uandike:

```
New-NetFirewallRule -DisplayName "Minecraft 25565" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 25565 -Action Allow -Profile Private
```

Neno la mwisho, `Private`, lina maana kanuni itatumika tu kwenye mtandao uliouambia Windows kuwa ni wa nyumbani. Ikiwa waifai yako imewekwa kama `Public`, kanuni haitafanya kazi. Badilisha kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiwa umefunga programu ya kingavirusi inayokuja na faiwali yake, itabidi uiruhusu poti huko pia.

Ili kujua tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye ruta, washa seva, nenda kwenye kompyuta nyingine ya humohumo ndani, uandike:

```
Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 25565
```

Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, kompyuta haina kosa na uchunguzi uhamie kwenye ruta. Ukiona `False`, usiiguse ruta. Kosa bado liko kwenye kompyuta.

UPnP inafanya nini hasa, na itaniondolea kazi hii yote?

Itakuondolea ile ya kwenye ruta tu. Programu inayotaka poti hutuma tangazo ndani ya mtandao wa nyumba, kwenye anwani `239.255.255.250`, poti `1900` ya UDP, ikiuliza kama kuna ruta inayoelewa UPnP. Ruta ikijibu, programu inaiambia: nifungulie poti fulani, ielekeze kwangu, kwa muda fulani. Ruta inafungua. Hakuna nenosiri linaloulizwa, na hapo ndipo pana urahisi na mashaka yake kwa pamoja.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: seva ya kawaida ya Minecraft ya Java haitumi ombi hilo. Unaweza kuwasha UPnP kwenye ruta na kusubiri mpaka alfajiri, poti haitafunguka. Seva ya Terraria, kwa mfano, hukuuliza yenyewe `Automatically forward port?` wakati wa kuiwasha, na hutumia poti `7777`. Kwa Minecraft unahitaji kitu cha kuomba kwa niaba yake. Kidogo na cha kuaminika ni `upnpc`, kutoka mradi wa MiniUPnP. Kiendeshe kwenye kompyuta ileile yenye seva, kwa sababu ruta nyingi hukataa kifaa kimoja kuomba poti kwa ajili ya kingine:

```
upnpc -a 192.168.1.50 25565 25565 TCP
upnpc -l
upnpc -d 25565 TCP
```

Mstari wa kwanza unafungua, wa pili unaorodhesha poti zilizo wazi, wa tatu unafunga. Kwenye Windows faili linaweza kuitwa `upnpc-static.exe`. Tumia jina hilo. Mstari wa pili una faida nyingine: huonyesha `ExternalIPAddress`, yaani anwani ya nje ya ruta, bila wewe kujua nenosiri la ruta. Kwa mtu anayetumia ruta ya mwenye nyumba, huo ndio mkato wa kufanya ule ulinganisho wa mwanzo.

Nimeiambia ifungue na imekataa. Nisomeje majibu yake?

Ikisema `No IGD UPnP Device found on the network`, ruta haikujibu. Ama UPnP imezimwa (itafute chini ya `Advanced` au `NAT`), ama uko kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida imetengwa na mtandao mkuu, ama faiwali ya kompyuta imezuia majibu.

Kosa la namba 718 lina maana poti hiyo tayari imeelekezwa kwa kifaa kingine. Huenda ni kanuni uliyoandika kwa mkono mwezi uliopita ukaisahau. Chagua njia moja, ya mkono au UPnP, usichanganye kwa poti ileile.

Ruta nyingine hukataa kufungua chochote zinapogundua kuwa anwani yao ya nje si ya hadharani. Hapo ruta inakuonea huruma: hata ingekubali, isingesaidia.

Je, kufungua poti ni hatari? Na UPnP?

Poti iliyofunguliwa haiweki kompyuta nzima wazi. Inaiweka wazi programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Swali ni kama programu hiyo ina kasoro. Desemba 2021 ilionekana waziwazi: kasoro ya maktaba ya Log4j, iliyopewa jina Log4Shell, iliwezesha mtu kutuma ujumbe mfupi kwenye soga ya Minecraft na kuendesha programu yake kwenye kompyuta yenye seva. Iliwakumba wenye matoleo kuanzia 1.7 mpaka 1.18, na toleo 1.18.1 likatolewa tarehe 10 Desemba kuziba tundu. Ukikuta rafiki anaendesha seva ya toleo la zamani kwa sababu ya modi fulani, muulize kama ameziba hilo kabla hajafungua poti.

Kuna watu wanaopitapita intaneti nzima wakitafuta poti `25565` zilizo wazi. Watakupata hata kama hujampa mtu anwani. Ndiyo maana pale juu niliweka `white-list=true`. Kwenye dirisha la seva andika `whitelist add` na jina la mchezaji, mmoja mmoja. Na `online-mode` ibaki `true`. Ukiizima ili rafiki asiye na akaunti halali aingie, mtu yeyote anaweza kujiita jina lako na kuingia akiwa na mamlaka yako. Poti ya `25575`, ya kuiendesha seva kwa mbali, isifunguliwe kwa nje.

Kuhusu UPnP, wasiwasi wangu si seva yako bali vitu vingine vilivyomo ndani ya nyumba. Kamera ya bei rahisi au programu iliyopakuliwa vibaya nayo inaweza kuomba poti, na ruta haitakuuliza. Kuna pia ruta mbovu zilizokuwa zikijibu maombi ya UPnP kutoka upande wa nje. Mwaka 2013 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitangaza kuvikuta makumi ya mamilioni ya vifaa vya namna hiyo. Kama wewe ndiye mwenye ruta na seva ni ya kudumu, mimi ningefungua poti moja kwa mkono na kuizima UPnP. Kama mnacheza saa mbili Jumamosi tu, UPnP inayofungwa baada ya mchezo inatosha.

Nitajuaje kama kweli imefunguka?

Jaribu kutoka nje ya nyumba, seva ikiwa imewaka. Kuna tovuti za kupima poti, lakini zote zinasema poti imefungwa ikiwa hakuna programu inayosikiliza. Kupima huku seva imezimwa ndiyo chanzo cha malalamiko mengi.

Maneno anayoyaona rafiki nayo yanaongea. `Connection timed out` ina maana ombi lilipotea njiani bila jibu: CGNAT, faiwali, au kanuni inayoelekeza anwani isiyo na mtu. `Connection refused` ni afadhali. Limefika kwenye kifaa fulani, ila hakuna kinachosikiliza hapo. Angalia kama seva imewaka na kama namba ya poti ya ndani ni sahihi. Akiona `You are not white-listed on this server!`, mpongeze, mtandao umekamilika. Kilichobaki ni kuandika jina lake.

Marafiki wanaingia kwa anwani ya nje, mimi mwenyewe nashindwa. Kulikoni?

Ruta nyingi haziwezi kumrudisha ndani mtu aliye ndani anayetumia anwani ya nje. Hakuna kilichoharibika. Ukicheza kwenye kompyuta yenye seva tumia `localhost`; mwingine aliye nyumbani atumie `192.168.1.50`.

Jana walicheza vizuri. Leo, baada ya umeme kukatika, hakuna anayeingia.

Ruta ilipowaka upya, kwa wengi hupewa anwani mpya ya nje. Soma tena anwani yako na uwatumie. Ukichoka kutuma kila umeme ukirudi, jisajili kwenye huduma ya jina linalofuata anwani, kama DuckDNS au No-IP, na uweke taarifa zake kwenye ukurasa wa `DDNS` wa ruta, ikiwa ruta yako inaikubali huduma hiyo. Marafiki watatumia jina badala ya namba.

Kama anwani haijabadilika na ulitumia UPnP, basi ruta imesahau. Maombi ya UPnP mara nyingi hayadumu ruta inapozimika. Endesha `upnpc` tena.

Niko nyuma ya CGNAT. Ndiyo basi?

Kwanza mpigie mtoa huduma uulize kama anauza anwani ya hadharani. Sema hivyo hivyo, "IP ya hadharani", kwa sababu ukisema "IP isiyobadilika" wanaweza kukupa anwani ya ndani isiyobadilika, ambayo haikusaidii. Baadhi hutoa kwa malipo ya mwezi, wengine kwa wateja wa biashara tu.

Akikataa, kuna njia zisizohitaji poti. Tailscale na ZeroTier huwaweka nyote kwenye mtandao mmoja wa faragha. Kila rafiki anafunga programu, unampa anwani yako ya humo, na anaingia kana kwamba yuko sebuleni kwako. Usishtuke Tailscale ikikupa anwani inayoanza na 100; inatumia fungu lilelile kwa makusudi yake, wala haina uhusiano na mtoa huduma wako. Kwa marafiki wanne watano, hii ndiyo ningechagua hata kama ningekuwa na anwani ya hadharani, kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza hata kubisha hodi.

Marafiki wasipotaka kufunga kitu, playit.gg hukupa anwani ya nje na kukuletea wachezaji kupitia seva zao. Gharama yake ni safari: pakiti za jirani yako zinaenda kwanza kwenye seva yao, ambayo yaweza kuwa mbali, ndipo zirudi kwako, na gemu inahisi uzito.

Marafiki wanaocheza kwa simu wanatumia poti gani?

Simu hutumia toleo la Bedrock, ambalo lina seva yake tofauti. Poti ni `19132` na itifaki ni UDP. Ukichagua TCP haitafunguka.

Wanaingia, lakini gemu inakwamakwama.

Poti imeshamaliza kazi yake. Sasa ni kasi ya kupakia, ile ambayo vifurushi vingi hutoa kidogo kuliko ya kupakua. Kwenye `server.properties` punguza `view-distance` kutoka 10 hadi 6. Kila mchezaji atatumiwa eneo dogo zaidi la dunia. Na unganisha kompyuta ya seva kwa waya, si waifai.

Tukimaliza kucheza, niache poti wazi?

Seva ikizimwa hakuna kinachosikiliza, lakini kanuni inabaki ikielekeza `192.168.1.50`, na siku moja kutakuwa na programu nyingine hapo. Ruta nyingi hukuruhusu kuizima kanuni bila kuifuta, kwa hiyo hutaandika upya wiki ijayo. Kwa UPnP, endesha `upnpc -d 25565 TCP`, kisha `upnpc -l` uone orodha. Ukikuta humo poti ambazo hukuziomba wewe, angalia zinaelekeza anwani ya kifaa gani.